Mashine mbili za kaka mmoja: jina la biashara, kampuni na taarifa ya mwaka iliyosahauliwa

Mwezi Mei 2024 mama mmoja mfanyabiashara wa unga wa sembe hapa Morogoro aliniletea bahasha ya kaki iliyochakaa pembe. Ndani yake mlikuwa na cheti cha usajili wa kampuni cha tarehe 14 Machi 2016, katiba ya kampuni yenye saini mbili, na risiti nyingi za kodi zilizobanwa kwa pini kufuata mwaka. Alikuwa ameomba mkopo benki ili anunue mashine ya tatu ya kukoboa, na benki, kabla ya kumjibu, ikafanya upekuzi kwa Msajili wa Kampuni. Majibu ya upekuzi yalionesha kwamba kampuni yake ina wakurugenzi wawili, yeye na kaka yake, na kwamba haijawahi kuwasilisha taarifa ya mwaka hata moja. Kaka yake alifariki Agosti 2020.

"Lakini sisi kila mwaka tunapeleka ritani," aliniambia, akinionesha zile risiti. Alikuwa anasema kweli. Ritani alizokuwa akizipeleka zilikuwa za Mamlaka ya Mapato, na alizipeleka kwa uaminifu tangu mwaka wa kwanza. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kampuni ina deni la pili la kila mwaka, ambalo linadaiwa na ofisi tofauti, kwa sheria tofauti, na kwa sababu isiyohusiana kabisa na kodi.

Nimefanya kazi ya kuandaa nyaraka za kampuni ndogo kwa muda mrefu, na sikumbuki mkanganyiko mwingine unaowagharimu watu wengi kama huu. Ndiyo maana nataka kulipitia jambo lake kwa kirefu, kwa kuwa ndani ya bahasha ile mlikuwa na karibu kila kitu ambacho mtu anapaswa kukielewa kabla ya kuchagua kati ya jina la biashara na kampuni. Ninayoyaeleza yanahusu Tanzania Bara, ambako msajili ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Zanzibar ina wakala wake na sheria zake.

Habari inaanzia nyuma ya ile kampuni. Mwaka 2011 kaka yake alisajili jina la biashara, akafungua kinu kidogo na kuanza kuuza unga kwenye mifuko yenye jina hilo. Usajili wa aina hii unafanywa chini ya Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213, na ni mwepesi. Mtu anaomba jina, anaeleza shughuli yake na mahali anapoifanyia, analipa ada ambayo kwa viwango tulivyovizoea haizidi shilingi 20,000, kisha kila mwaka analipa shilingi 5,000 za kulitunza jina hilo katika daftari. Haleti orodha ya wanahisa kwa kuwa hakuna hisa, wala hatangazi wakurugenzi kwa kuwa hakuna bodi. Kilichoandikwa katika daftari ni kwamba fulani anafanya biashara kwa jina fulani.

Maana yake ni kwamba jina la biashara ni vazi la mwenye biashara, wala halizai mtu mwingine. Mali iliyonunuliwa kwa jina hilo ni mali yake, deni lililokopwa kwa jina hilo ni deni lake, na mdai akishinda kesi anaweza kukamata hata nyumba anayolala mwenye jina. Wakiwa wawili au watatu wanakuwa wabia, na kila mmoja anabeba madeni ya ubia wote. Siku mwenye jina anapofariki, biashara yote, kuanzia mashine hadi salio la benki, inaingia katika mirathi yake kama vile kitanda na ng'ombe wake.

Sisemi haya ili kulishusha hadhi jina la biashara. Kwa fundi cherehani, mama lishe, mwenye duka la vipuri au kijana anayepiga picha za harusi, huo ndio usajili unaofaa, na ninasikitika ninapowaona vijana wanafungua kampuni kwa sababu tu cheti chake kinaonekana kizito zaidi ukutani. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka anaweza kutozwa kodi ya mapato kwa utaratibu wa makadirio ya mauzo, lakini kampuni haina nafuu hiyo hata ikiuza kidogo namna gani. Yenyewe inatakiwa kuandaa hesabu na kulipa kodi kwa faida yake. Anayekimbilia kampuni bila sababu ananunua mzigo.

Sababu ya kweli ya kufungua kampuni ilimjia kaka yule mwaka 2016, alipotaka kuingiza fedha za mdogo wake. Walitaka kila mmoja awe na sehemu inayojulikana, na pia walitaka biashara isisimame mmoja wao akiondoka duniani. Hapo walikuwa sahihi. Kampuni iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002, Sura ya 212, ni mtu mwingine kisheria, tofauti na walioianzisha. Inamiliki mali kwa jina lake, inakopa kwa jina lake, inashtaki na kushtakiwa, na mwanahisa anayekwisha kulipia hisa zake kwa kawaida hadaiwi zaidi ya hapo, isipokuwa pale alipoweka dhamana yake binafsi au alipoitumia kampuni kwa udanganyifu. Mwanahisa akifa kampuni haifi. Waligawana hisa 100, kaka akachukua 60 na dada 40, wote wawili wakawa wakurugenzi.

Kosa la kwanza lilitokea wiki ileile. Walidhani jina la biashara la mwaka 2011 limepanda cheo na kuwa kampuni. Watu wengi hulisema hivyo, kwamba "nimelibadilisha jina langu kuwa kampuni," ilhali hakuna kupanda kokote. Msajili anapotoa cheti cha kampuni, anazaliwa mtu mpya ambaye siku hiyo hana mashine, hana leseni, hana namba ya mlipa kodi wala mkataba wa pango. Vyote hivyo lazima ahamishiwe au atafutiwe vyake. Mashine ya kwanza ya kukoboa, iliyonunuliwa mwaka 2013, ilikuwa na risiti ya jina la biashara, na hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa kuihamishia kwenye kampuni, si ya mauzo wala ya kubadilishana na hisa. Mashine ya pili ilinunuliwa mwaka 2017, nayo risiti yake ilikuwa ya kampuni.

Kwa miaka mitatu mashine hizo zilisaga bega kwa bega chini ya bati moja bila mtu kuona tofauti. Kaka alipofariki ndipo tofauti ilipoonekana. Mashine ya mwaka 2013 ilikuwa mali ya marehemu mwenyewe, kwa hiyo ikaingia katika mirathi, na mjane wake alipoidai hakuwa na ubaya wowote. Mashine ya 2017 haikuwa yake. Kilichoingia katika mirathi upande huo ni hisa 60 tu, si chuma chenyewe. Dada mtu alikuwa akiamini wifi yake anataka kuvunja biashara, naye wifi aliamini anadhulumiwa watoto wake. Risiti mbili zilipowekwa mezani wote wawili walinyamaza.

Sasa nije kwenye taarifa ya mwaka, ambayo ndiyo iliyomzuilia mkopo.

Kampuni haionekani kwa macho. Anayetaka kuikopesha, kuiuzia mahindi kwa mkopo au kuipa zabuni hana mahali pa kuitazama isipokuwa katika daftari la msajili. Taarifa ya mwaka, ambayo enzi za karatasi tuliijua kama Fomu Namba 128, ni kauli ya kampuni kuhusu hali yake katika tarehe maalumu: ofisi yake iliyosajiliwa iko wapi, inafanya shughuli gani, wakurugenzi na katibu wake ni nani, ina mtaji wa hisa kiasi gani, nani anazo hizo hisa na ngapi, na ina madeni gani yaliyowekewa rehani. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 na kanuni za mwaka 2021, kampuni inapaswa pia kutaja wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaoimiliki au kuitawala hata kama hisa zimeandikwa kwa jina la mwingine.

Tarehe hiyo maalumu kwa kawaida ni siku ya kumbukumbu ya kusajiliwa kwa kampuni, na taarifa inapaswa kuwasilishwa ndani ya siku 28 baada yake. Kampuni ya mama huyu ilizaliwa tarehe 14 Machi, hivyo kila mwaka mwisho wake ni tarehe 11 Aprili. Haihusiani na mwisho wa mwaka wa hesabu, na hapo ndipo wahasibu wengi wanapoteleza, kwa kuwa wanaiunganisha kichwani na ritani ya kodi, ambayo inafuata mwaka wa mapato. Wala haisamehewi kampuni ambayo haijaanza kufanya kazi. Nimewasikia wengi wakisema "kampuni yangu imelala, haina cha kutaarifu." Kampuni iliyolala ina anwani, ina wanahisa na ina wakurugenzi, na hivyo ndivyo vinavyoulizwa. Mauzo ni swali la ofisi nyingine.

Ada ya kuwasilisha ni shilingi 22,000. Ukichelewa unatozwa shilingi 2,500 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, kwa kila taarifa iliyochelewa. Kiasi hicho kinaonekana kidogo hadi ukihesabu kwa miaka. Tuliwasilisha taarifa zake tarehe 20 Juni 2024. Taarifa ya 2024 ilikuwa imechelewa miezi miwili na siku chache, ikahesabiwa mitatu. Ya 2023 ilikuwa na miezi 15, ya 2022 miezi 27, na hivyo hivyo kwa kuongeza 12 kila mwaka hadi ya kwanza kabisa, ya 2017, iliyokuwa na miezi 87. Taarifa nane zilikuwa na jumla ya miezi 360 ya kuchelewa, sawa na shilingi 900,000. Ongeza ada zenyewe 176,000, utapata 1,076,000. Kama angewasilisha kwa wakati, miaka yote minane ingemgharimu zile 176,000 peke yake.

Niseme wazi kwamba siupendi utaratibu huu wa faini inayokua kila mwezi bila kujali ukubwa wa kampuni. Kwa kampuni kubwa shilingi 2,500 haimfanyi mtu ainue kichwa, na kwa kinu cha mtaani faini iliyofika laki tisa inamfanya mwenyewe ajifiche zaidi badala ya kujitokeza. Ningependa faini ifike mahali ikome, na ujumbe wa simu umfikie kila mkurugenzi wiki mbili kabla ya tarehe yake. Hata hivyo, kutoupenda utaratibu si sababu ya kuupuuza, kwa sababu fedha si hasara kubwa kuliko zote katika jambo hili.

Hasara kubwa iko kwenye daftari lenyewe. Msajili akiwa na sababu ya kuamini kwamba kampuni haifanyi tena biashara, sheria inamruhusu kuanza kuifuta. Anaiandikia barua, na isipojibu anatoa tangazo katika Gazeti la Serikali, na muda wa tangazo ukiisha bila pingamizi jina linaondolewa. Kampuni iliyonyamaza miaka minane inafanana sana na kampuni iliyokufa. Barua hiyo nayo inapelekwa kwenye ofisi iliyosajiliwa, na ofisi iliyosajiliwa ya mama huyu ilikuwa bado ni chumba cha kupanga walichokihama mwaka 2018. Kampuni ikishafutwa, mali iliyokuwa kwa jina lake haiwarudii wanahisa. Inakuwa mali isiyo na mwenyewe na kuangukia serikalini, na njia ya kuirudisha kampuni kwenye daftari inapitia mahakamani. Ile mashine ya 2017, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na watoto wa kaka yake, ingekuwa hatarini kwa sababu ya barua iliyosukumwa chini ya mlango wa chumba ambacho sasa ni saluni.

Hapa pia ndipo lengo lao la mwaka 2016 lilipokuwa limeanza kupotea. Walifungua kampuni ili kifo kisiisimamishe biashara. Kisheria haikusimama, lakini machoni pa benki ilikuwa imesimama, kwa kuwa mkurugenzi mmoja kati ya wawili alikuwa marehemu, sheria inataka wasipungue wawili, na hakukuwa na mtu wa pili wa kusaini azimio la bodi la kukopa.

Kazi ya kurekebisha ilianza na mfumo wa usajili wa mtandaoni, `ors.brela.go.tz`, ulioanza kutumika mwaka 2018. Kampuni iliyosajiliwa kabla ya hapo kwa karatasi lazima kwanza taarifa zake zihuishwe ndani ya mfumo, ikiwa ni pamoja na namba za vitambulisho vya taifa na namba za mlipa kodi za wahusika. Baada ya hapo zikaja taarifa nane, na hapa kuna kosa ambalo nimelikuta mara nyingi katika kazi za wenzetu wanaoharakisha. Wanachukua hali ya leo na kuinakili katika miaka yote. Taarifa ya mwaka 2018 haiulizi nani ni mkurugenzi leo, inauliza nani alikuwa mkurugenzi tarehe 14 Machi 2018. Ukimwondoa marehemu kwenye taarifa za miaka aliyokuwa hai, umetia katika kumbukumbu za serikali jambo la uongo ambalo mrithi yeyote anaweza kulitumia dhidi yako.

Kwa hiyo taarifa za 2017 hadi 2020 zilimwonesha kaka kama mkurugenzi na mwanahisa, kama alivyokuwa. Taarifa ya 2021 ilikuwa na utata kidogo, na nilikaa nayo jioni nzima. Ukurugenzi wa mtu unakoma siku anapokufa, hivyo jina lake halikupaswa kuwa kwenye orodha ya wakurugenzi. Hisa zake, kwa upande mwingine, hazihami zenyewe. Zinabaki kwa jina lake katika daftari la wanahisa hadi msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama alete hati yake na kampuni iandike mabadiliko. Mjane alikuwa amepewa usimamizi Februari 2022 lakini hakuna aliyemwambia ailete hati hiyo kwenye kampuni. Ndiyo maana taarifa za 2021, 2022, 2023 na 2024 zote zilimtaja marehemu kuwa na hisa 60 huku zikimwondoa katika bodi, na mabadiliko ya hisa yakafuata baada yake, kwa nyaraka zake yenyewe.

Anayetaka kujua kama kampuni yake iko katika hali kama hii asisubiri benki imwambie. Aombe upekuzi wa kampuni yake mwenyewe, kama mgeni anavyoweza kuuomba, kisha akae na karatasi hiyo aisome jina kwa jina. Akikuta anwani aliyoihama, mkurugenzi aliyejiuzulu kwa barua ambayo haikutoka droo ya ofisi, au mwanahisa aliyekwisha kuuza hisa zake kwa makubaliano ya mdomo, basi hicho ndicho wanachokiona watu wote wa nje. Kwa anayeidai au kuikopesha kampuni, makubaliano ya sebuleni hayapo. Mabadiliko ya wakurugenzi na ya ofisi yana fomu zake na muda wake mfupi wa siku 14, na hayapaswi kungoja taarifa ya mwaka. Lakini taarifa ya mwaka ndiyo inayomlazimu mtu, angalau mara moja katika miezi 12, kukaa na orodha hiyo na kujiuliza kama bado ni ya kweli.

Mjane aliingizwa kwenye daftari la wanahisa kwa hisa 60, akiwa msimamizi wa mirathi ya mumewe, akateuliwa kuwa mkurugenzi, na yeye na wifi yake wakasaini azimio la mkopo meza moja. Mashine ya 2013 ilibaki kwa watoto wa marehemu, na kampuni inawalipa kodi ya kuitumia kila mwezi kwa mkataba wa kurasa mbili. Benki ilifanya upekuzi mara ya pili mwezi Agosti. Kabla hawajaondoka ofisini kwangu, yule mama aliomba kalamu nene, akaandika "11 Aprili" juu ya ile bahasha ya kaki, akaipigia mstari chini.